Methali nane kwa emoji: chapisho la Ijumaa, majibu yake na matokeo ya jaribio

Faili hili ni la zamu ya Ijumaa na Jumamosi. Matini ya chapisho imeshapimwa. Nakili ilivyo, usibadilishe emoji hata moja bila kusoma maelezo yaliyo chini yake. Emoji moja ikihama nafasi, methali inaweza kugeuka nyingine.

Matini ya chapisho (Ijumaa, saa 1 jioni)

> Methali nane za Kiswahili zimejificha humu. Utazifichua ngapi?
>
> 1. 🐱👋🐭👑
>
> 2. 🧗🪜⬇️
>
> 3. 👆🍯👆🍯➡️0️⃣
>
> 4. 🐘⚔️🐘🌱🤕
>
> 5. 🐓🌾🔇🏙️
>
> 6. 🙋👇🛏️🙇
>
> 7. 👂⚰️🚫💊
>
> 8. 👀⛵🛠️
>
> Soma kutoka kushoto kwenda kulia. Alama ya 🚫 inakanusha kinachoifuata. Andika majibu yako kwenye maoni KABLA ya kusoma ya wenzako, namba kwanza kisha methali. Majibu kesho saa 3 asubuhi.

Kila namba ikae mstari wake, na mstari mtupu katikati. Safu ikikatika katikati kwa sababu skrini ni nyembamba, msomaji huziona safu mbili na kutafuta methali mbili. Ndiyo sababu hakuna safu inayozidi emoji sita.

Majibu (Jumamosi, saa 3 asubuhi)

> 1. Paka akiondoka, panya hutawala.
>
> 2. Mpanda ngazi hushuka.
>
> 3. Chovya chovya humaliza buyu la asali.
>
> 4. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.
>
> 5. Jogoo la shamba haliwiki mjini.
>
> 6. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
>
> 7. Sikio la kufa halisikii dawa.
>
> 8. Ukiona vyaelea, vimeundwa.
>
> Kama kwenu methali inasemwa kwa namna nyingine kidogo, jibu lako ni sahihi. Tuandikie hapo chini inavyosemwa.

Mstari huo wa mwisho si wa adabu tu. Wengine husema "jogoo wa shamba hawiki mjini", "mtaka cha uvunguni", "ukiona vyaelea vyaundwa", na kwenye namba 4 wapo wanaosema mafahali wawili badala ya tembo. Anayesahihisha maoni akishikilia neno kwa neno ataanzisha ugomvi usio na maana. Kubali jibu lolote ambalo picha zake na maana yake ni zilezile.

Kwa nini safu ziko hivi

Namba 1 imewekwa mwanzo kwa makusudi. Wasomaji wote wa jaribio waliijua mara moja, nayo inamfundisha msomaji kanuni ya mchezo bila maelezo: mtendaji, tendo, mtendaji, tendo. Ukianza na ngumu, watu hupita.

Namba 2 ndiyo iliyosumbua kuliko zote. Rasimu ilikuwa ⬆️🪜⬇️, safi kabisa kwa macho ya aliyeiandika. Wasomaji wawili wa jaribio, kila mmoja peke yake, walijibu "Aliye juu mngoje chini." Hawakukosea: juu ipo, chini ipo. Kilichokosekana ni anayepanda. Kuingiza 🧗 mahali pa mshale wa kwanza kuliondoa jibu hilo lote. Ngazi, 🪜, ni emoji ya mwaka 2020, na simu ambayo haijasasishwa tangu kabla ya hapo huonyesha kisanduku kitupu. Hakuna ya zamani inayofaa kuishika nafasi yake, kwa hiyo chapisho linakwenda pamoja na picha ya skrini ya safu zote nane. Andika methali zenyewe kwenye matini mbadala ya picha hiyo? La, utakuwa umetoa majibu. Andika "safu nane za emoji, zilezile zilizo kwenye chapisho." Anayetumia kisoma skrini atazisikia kwenye matini, kwa kuwa programu hiyo humsomea jina la kila emoji.

Namba 3 ilianza na mtungi mtupu, 🫙, wa mwaka 2021. Ulikuwa mzuri, lakini kwenye simu ya mmoja wa wasomaji ulionekana kisanduku, naye akadhani kuna herufi imeharibika. Jaribio la pili lilikuwa 🚫🍯 mwishoni. Hilo likasomwa "usile asali", amri kamili isiyo methali. Sifuri ndiyo iliyotatua. Faida yake nyingine: 0️⃣ imeundwa kwa tarakimu ya kawaida pamoja na misimbo mingine miwili, hivyo hata ikivunjika wakati wa kunakili, hubaki 0 inayosomeka. Kidole na asali vimerudiwa mara mbili kwa sababu methali yenyewe inarudia. Watu wengi huanza kubahatisha kwa mdundo huo kabla hata hawajaitambua asali.

Namba 4, bila ⚔️, ilisomwa kuwa tembo wanakula majani. Upanga ukae katikati ya tembo wawili, si baada yao. Uso wenye bendeji ni bora kuliko uso unaolia, maana nyasi zinaumia. Zikilia, msomaji anaanza kutafuta methali ya kilio. Mafahali wameepukwa kwa sababu 🐂🐂 humvuta msomaji kwenye "Mafahali wawili hawakai zizi moja" kabla hajafika mwisho wa safu. (Kulikuwa na pendekezo la kuiandika hiyo kwa 🐂🐂🚫🦀, kaa wa baharini asimame badala ya kaa wa kukaa. Inachekesha, lakini ukichanganya picha za maana na picha za sauti kwenye chapisho moja, msomaji hajui tena asome kwa jicho au kwa sikio. Ihifadhiwe kwa siku ya mafumbo ya sauti peke yake.)

Namba 5 ilikuwa na 🤐 mahali pa 🔇, ikaleta majibu ya kutunza siri. Spika iliyokatwa mkwaju inasema "hatoi sauti" na hakuna zaidi.

Namba 6: methali haisemi kitu gani kiko mvunguni, na hapo ndipo mtego ulipo. Ukiweka 🎁, watu wanatafuta methali ya zawadi. Ukiweka ❓, wanadhani swali ni la kwao. Kitu kimeondolewa kabisa. Mtu, chini, kitanda, kuinama vinatosha. 🙇 bado husomwa kama kuomba radhi na baadhi ya watu, hivyo hii ndiyo ngumu ya wiki na ina kidokezo chake hapa chini.

Namba 7 ilitumia 💀. Vijana mtandaoni hutumia fuvu kumaanisha "nimekufa kwa kicheko", na msomaji mmoja aliisoma hivyo hasa. Jeneza halina utani huo.

Namba 8: 🔨 peke yake ilionekana kama kuvunja chombo. 🛠️ inasomwa kutengeneza. Mawimbi, 🌊, yaliondolewa kwa kuwa yalileta dhoruba.

Zilizoachwa: "Penye nia pana njia", kwa sababu nia haina picha na moyo hupeleka watu kwenye mapenzi, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe", kwa sababu emoji ya jembe hakuna, na sululu, ⛏️, inasomwa uchimbaji, na "Nyani haoni kundule", ambayo kila mtu angeipata kwa sekunde moja, lakini tunda linalohitajika hapo lina maana yake mtandaoni na ukurasa huu unasomwa na watoto.

Jaribio linavyofanywa

Tafuta wasomaji sita ambao hawakuona rasimu. Wawe wa rika tofauti, na angalau mmoja awe amejifunzia Kiswahili shuleni, si nyumbani. Watumie safu kwa ujumbe wa faragha, mmoja mmoja. Kwenye kikundi jaribio hufa papo hapo: wa kwanza akijibu, wengine wote "walikuwa wameshaipata".

Kwa kila safu uliza mambo matatu, kwa mpangilio huu. Ni methali gani? Taja kila emoji unaiona ni nini. Halafu, ukishamtajia jibu: uliijua methali hii kabla? Mpe nusu dakika hivi kwa safu, na uandike maneno yake yaleyale, pamoja na ya kubahatisha.

Swali la pili na la tatu ndiyo roho ya kazi. Anayesema "sijui" anaweza kuwa na tatizo moja kati ya matatu: hakuiona picha (kisanduku, au alama ndogo mno), aliiona akaipa maana nyingine, au methali yenyewe haijui. La kwanza unabadilisha emoji kwa ya zamani zaidi. La pili unabadilisha emoji au mpangilio. La tatu safu haina kosa. Usimhesabu mtu huyo, tafuta mwingine. Ukiyachanganya utaivunja safu nzuri ili kumridhisha mtu ambaye asingeipata kwa vyovyote.

Safu inapita ikipatwa na wanne kati ya sita bila kidokezo. Moja kwa kila chapisho inaruhusiwa kupita kwa watatu, mradi ina kidokezo. Lakini watu wawili wakitoa jibu lilelile lisilo sahihi, rudi mezani hata kama wanne wengine wamepata, kama ilivyokuwa kwa namba 2.

Safu ikigoma, geuza jaribio: mpe mtu mpya methali, umwombe achague emoji tatu au nne. Picha anayoianza nayo ndiyo ambayo wasomaji wataitafuta.

Kabla ya kuchapisha, fungua rasimu kwenye simu za mifumo miwili tofauti na kwenye kompyuta. Mishale, jeneza na kitanda vinaweza kugeuka alama nyeusi za maandishi vikinakiliwa kupitia programu fulani za kuandikia. Ikitokea, futa alama hiyo na uichague upya kwenye kibodi ya emoji.

Baada ya kuchapisha

Soma maoni ya nusu saa ya kwanza tu kama kipimo. Baada ya hapo watu wananakiliana. Ikifika saa 3 usiku namba 6 haijapatwa na mtu, weka kidokezo hiki kwenye maoni na ukibandike juu: "Namba 6 ina maneno matano, na huyo mtu haombi radhi." Usitoe idadi ya maneno kwa namba 4, kwa kuwa hubadilika kulingana na namna inavyosemwa.

Mtu akileta methali tofauti inayoendana na safu kikamilifu, mpe alama, kisha uiandike kwenye orodha ya migongano ili safu hiyo isirudiwe ilivyo.