Nakivale Irudi Kijani: skripti ya video ya kampeni

PICHA: Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda, saa saba mchana. Ardhi nyekundu, visiki, vumbi. Msiweke muziki, upepo unatosha.

MAMA MUUZA MANDAZI: "Miti tuliimaliza wenyewe kwa kuni. Tungepikia nini?"

PICHA ZA KASI: Kamera palepale. Septemba, mvua zinaanza. Mashimo, samadi, miche ya miembe na migrevilia. Mbuzi anakula mche (msikate hapo, watu watacheka). Uzio wa miiba unazuka.

MZEE: "Kupanda ni siku moja, wanangu. Kumwagilia kiangazi, hiyo ndiyo kazi."

PICHA ZA KASI: Miaka mitatu kwa sekunde ishirini. Kivuli kinatambaa hadi kwenye meza ya mandazi.

MWANAFUNZI: "Siku hizi tunasomea hapa."

MAANDISHI: Miche inagawiwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, sokoni. Njoo na jembe na dumu la maji.