Chenga ya kuvuta mpira nyuma ya mguu

Mswada wa video. Uwanja wa mchanga, Ujiji, saa kumi na moja jioni. Mpiga picha alipe ziwa mgongo, mwanga wa jua uwaangukie wachezaji, usiingie kwenye lenzi.

KAMERA: Picha pana, usawa wa kifua. Kocha mbele, watoto sita nyuma yake.

KOCHA: Mambo vijana! Leo chenga moja tu. Johan Cruyff wa Uholanzi aliipiga Kombe la Dunia la mwaka 1974, dhidi ya Uswidi. Mechi iliisha 0-0, lakini chenga ile inafundishwa mpaka leo.

KAMERA: Kutoka ubavuni, mwili mzima uonekane. Binti mwenye jezi ya kijani anakokota mpira, beki kambana.

KOCHA: Kwanza mdanganye. Inua kichwa, tazama golini, nyanyua mkono, rudisha mguu wa kulia nyuma kama unataka kupiga krosi. Hapa ndipo wengi mnaharibu, wanangu: mnakimbilia kuvuta mpira na beki hajadanganyika. Anayedanganya ni bega na macho. Beki asiponyoosha mguu kuziba, hujafanya kitu.

KAMERA: Chini kabisa, simu iegemee tofali. Miguu tu.

KOCHA: Mguu wa kushoto ukanyage pembeni ya mpira, mbele yake kidogo. Ona alama ya kiatu mchangani: imeupita mpira. Ukikanyaga nyuma yake, mpira utagonga kisigino chako mwenyewe. Goti likunjwe.

KAMERA: Nyuma ya mchezaji, usawa wa ugoko. Mwendo wa polepole, rudia mara mbili. Mpira lazima uonekane ukipita nyuma ya mguu wa kushoto. Usipoonekana, tunapiga upya.

KOCHA: Mguu wa kulia usipige. Uzungushe mbele ya mpira, vidole vitazame chini na ndani, kisha uvute kwa upande wa ndani wa mguu. Taratibu! Mchanga wetu unaukamata mpira, kwa hiyo vuta kwa nguvu zaidi kidogo kuliko kwenye nyasi. Anayecheza chandimu na mpira wa makaratasi naye anaweza. Utamu ni uleule.

KAMERA: Pana, ifuate mwendo wa mchezaji.

KOCHA: Geukia kushoto, mpira uko mbele yako, gusa mara moja na ukimbie! Hatua tatu za kwanza ziwe kali. Ukisimama kujifurahisha, beki anarudi.

KAMERA: Karibu, uso wa binti. Anahema, anatabasamu.

BINTI: Kocha, nimemuona amenyoosha mguu!

KOCHA: Ndiyo yenyewe hiyo, mwanangu. Sasa anza bila beki, mara kumi kwa kutembea, kumi kwa kukimbia. Halafu mguu wa kushoto.

KAMERA: Irudi chini, ibaki palepale mpaka watoto wote sita wapite.