Kuhusu amoksilini uliyoniomba

Shikamoo mama,

Nimesoma ujumbe wako wa leo asubuhi. Pole sana, najua kikohozi hakikupi usingizi na Jumamosi una harusi ya mwanao Tanga. Hata hivyo, sitakuandikia amoksilini, na ninakuomba uniruhusu nikueleze.

Jana nilisikiliza mapafu yako mbele na nyuma: hewa inaingia vizuri, hakuna mkoromo. Joto lilikuwa 37.4, oksijeni 98. Hayo, pamoja na makamasi na koo kuwasha, yanaonyesha mafua ya virusi. Amoksilini inaua bakteria, virusi haivigusi. Ungeishia kuharisha safarini, na bakteria walio mwilini mwako wangezidi kuwa sugu, siku ukiihitaji kweli ikashindwa. Makohozi ya njano uliyoniambia hayabadilishi jibu langu. Mafua ya kawaida huyaleta pia. Tafadhali hata zile kapsuli alizobakiza jirani usizimeze.

Endelea na panadoli, vidonge 2 kila baada ya saa 6 ukiwa na maumivu, visizidi 8 kwa siku. Kijiko cha asali kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kulala kinatuliza koo. Kikohozi chenyewe kinaweza kuchukua hadi wiki 3.

Ukibanwa pumzi, ukichomwa kifua, ukikohoa damu, au homa ikipanda, njoo siku hiyohiyo, usisubiri miadi. Nitakupima upya, na nikiona dalili za nimonia nitakuandikia antibayotiki mwenyewe. Alhamisi jioni nitakupigia nijue unaendeleaje.

Daktari wako