Kuhusu warsha ya siku tatu: naomba badala yake tuweke kikao cha kusimama cha dakika 15, ufukweni Mlingotini

Dada Mratibu,

Asalamu alaykum. Natumaini umefika salama Bagamoyo mjini baada ya ile mvua.

Barua yako ya warsha nimeisomea wanakikundi jana jioni. Walifurahi kwamba mradi umesikia kilio chao cha mwani kuwa mweupe na mizigo kukataliwa kwa unyevu na mchanga. Lakini nilipotaja siku zenyewe, mama mwenyekiti aliniuliza mwezi unakuwa wa ngapi. Tukahesabu: kumi na nne, kumi na tano na kumi na sita. Ni bamvua lenyewe. Siku hizo ndizo maji yanapokupwa mbali, tukazifikia kamba zote mpaka za mwisho. Maji mafu yakiingia, nusu ya shamba inabaki ndani ya maji na hakuna wa kuigusa mpaka bamvua lijalo. Mama akikaa ukumbini siku tatu hizo, shamba lake limekaa wiki mbili bila mkono wa mtu.

Utaniambia, basi tuisogeze warsha iangukie maji mafu. Nimelifikiria hilo, na kama tatizo lingekuwa tarehe tu ningeandika mistari miwili nikanyamaza. Naona hata ikisogezwa haitatufaa kwa jambo hili.

Nakumbuka warsha ya mwaka jana, tuliyoitwa na wafadhili wengine. Siku mbili, ukumbi mzuri, picha ukutani, kila mtu daftari na kalamu. Mkufunzi alieleza ugonjwa wa kuwa mweupe, na alieleza kweli: maji yakipata joto sana, au mvua ikipunguza chumvi, mwani unadhoofika, kisha vijidudu vinaingia, tawi linapauka na kukatika. Tulielewa. Kiangazi kilipoingia, kamba za upande wa kusini zikaanza kupauka. Mama aliyeziona kwanza alidhani ni zake tu, akaona haya kusema kwa kuwa angeonekana hatunzi. Jirani yake naye akaona, akanyamaza. Zilipita siku tisa kabla jambo hilo halijanifikia mimi katibu, na siku hiyo mwani ulikuwa unaelea na kutupwa pwani. Elimu tulikuwa nayo daftarini. Tulichokosa ni mahali pa kusema "nimeona kitu" siku ileile kilipoonekana.

Sasa linganisha na asubuhi moja ya mwezi wa tatu. Tulikuwa tumesimama chini ya mkungu tukingoja maji, watu kama kumi, hakuna aliyeitisha mkutano. Mama mmoja akatoa kwenye kanga tawi lenye doa jeupe, akauliza kama kuna mwingine ameliona. Wawili wakasema ndiyo. Papo hapo tukakubaliana: waliofikisha wiki tano wavune mapema, wengine wahamishe mbegu zao kwenye maji ya kina zaidi, ambako jua la mchana haliyachemshi. Hatukumaliza robo saa. Kamba tulizopoteza safari hiyo zilihesabika kwa vidole. Tangu hapo najiuliza kwa nini mazungumzo yale tunayaachia bahati.

Ninachopendekeza ni kuyapa saa yake. Tukutane chini ya mkungu uleule, siku sita za kila bamvua, dakika 15 kabla ya kushuka shambani. Kikao kitafuata maji na si saa ya ukutani. Siku ya mwezi mpevu maji hukauka karibu na saa nne asubuhi, kwa hiyo tusimame saa mbili kasorobo. Kesho yake tusogee kama dakika 40 hadi 50 mbele, na kuendelea hivyo. Wanawake wa hapa hawahitaji kuandikiwa ratiba hiyo.

Tusimame, tusikae. Mtu akishatandika kanga na kukaa, salamu zinarefuka, habari za arusi zinaingia, na maji hayamngoji mtu. Aliyesimama na kamba mkononi husema lake akaenda. Nasikia mafundi wa programu za kompyuta nao wana kikao cha namna hii kila siku, cha dakika 15 zisizozidi, na kwao hakuna hata maji ya kuwakimbiza.

Tuko 24, na kila mmoja akisema hatutamaliza. Tayari tuna mistari sita ya watu wanne wanne, kila mmoja na kiongozi wake, yaani kichwa cha mstari. Waseme viongozi hao sita, dakika moja na nusu kila mmoja: umeona nini kwenye kamba zako tangu jana, leo mnafanya nini, na nini kimekukwamisha, iwe ni taitai zimekwisha, vigingi vimeng'oka au chanja ya kuanikia imevunjika. Hizo ni dakika tisa. Mbili za mwanzo ni za kujua nani hayupo na anaumwa nini, maana bila hilo watu hawatakuwa na moyo wa kusikiliza mengine. Nne za mwisho ni za kuamua. Kila jambo lipewe mtu mmoja wa kulibeba. Likihitaji maneno marefu, wahusika walimalizie shambani, wengine wasizuiwe. Anayeona doa aje na tawi lenyewe mkononi, maana kila mtu ana weupe wake machoni.

Uongozi wa kikao uzunguke kwa zamu. Nalisisitiza hili kwa sababu nikiongoza mimi kila siku, wataanza kunitolea ripoti badala ya kuambiana wao. Kazi yangu iwe kuandika mstari mmoja kwa kila jambo na kukutumia kwa Wasapu.

Tujaribu bamvua tatu. Ni kama wiki sita, muda ule ule wa mbegu kufikia kuvunwa, kwa hiyo tutaona mzunguko mzima. Ni vikao 18, jumla saa nne na nusu, wakati warsha ni saa sita kila siku, kwa siku tatu. Tutaangalia mambo matatu: kamba zilizopotea, kilo alizokataa mnunuzi, na siku zilizopita tangu jambo kuonekana mpaka kushughulikiwa. Hili la tatu ndilo nalitazama zaidi.

Kuna jambo la posho, na sitaki kulificha. Kwa baadhi ya mama, posho ya warsha ni ada ya mtoto, na kuifuta ghafla kutaumiza. Ombi langu ni fedha ya ukumbi na chakula inunue mbao na nyavu za chanja, ili mwani usianikwe tena mchangani, na sehemu ya posho ibaki kwa nusu siku ya mafunzo. Mafunzo yapo yanayotaka kukaa chini: hesabu za kikundi na mkataba wa mnunuzi. Hayo tuyawekee hiyo nusu siku, tarehe saba au ishirini na mbili ya mwezi mwandamo, maji yakiwa mafu, hapahapa kijijini.

Bamvua linaanza Jumamosi. Ukinijibu kabla ya Alhamisi jioni nitawaarifu vichwa vya mistari Ijumaa baada ya sala. Na ukiweza, njoo mwenyewe Jumapili. Bodaboda ikutoe mjini saa moja asubuhi, utatukuta tumesimama.

Wako katika kazi,
Katibu wa kikundi cha mwani, Mlingotini