Neno Limekaa Wapi? Mafumbo Kumi na Sita ya Jumamosi ya Mwisho ya Shaabani

Wazee wetu, shangazi zetu, wajukuu na majirani mliovuka ua kuja kwetu: karibuni. Usiku huu tunagawana timu mbili kama mwaka jana. Waliokaa barazani ni timu ya Baraza, waliokaa nyuma karibu na jiko ni timu ya Uani. Babu ndiye mwamuzi, na neno lake halirudishwi.

Vitendawili mmevizoea vya kusikia. Hivi vya leo ni vya kuona. Kila fumbo limeandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, na jibu lake ni methali, nahau au jina ambalo kila aliyemo humu ameshalitamka maishani. Herufi peke yake hazitoshi kukupa jibu. Jiulize: neno limekaa juu au chini? Limeingia ndani ya neno lingine? Ni kubwa au dogo kuliko jirani yake? Limerudiwa mara ngapi? Limegeuzwa, limekunjwa, limekatwa? Mahali neno lilipo ndipo kitendo kilipo.

Nitasema "Kitendawili!", mtajibu "Tega!", nami nitainua karatasi. Timu yenye zamu ina muda wa Bibi kuhesabu punje 33 za tasbihi yake, naye hesabu yake haina haraka. Jibu sahihi ni alama 2. Ukishindwa, zamu inakwenda upande wa pili kwa alama 1. Wote mkishindwa, mnipe mji, kama zamani. Mwaka jana nilipewa Pangani, Lamu na Bagamoyo kwa usiku mmoja, na nikatawala vizuri.

Raundi ya kwanza: ukubwa na idadi

Fumbo la 1. Aliyewahi kusonga ugali atalijua.

```
MAJI MAJI MAJI
MAJI unga MAJI
MAJI MAJI MAJI
```

Fumbo la 2. La watoto wanaowajibu wakubwa.

```
sikio   KICHWA
```

Fumbo la 3. Soma la kushoto kama kawaida, kisha la kulia ulisome kutoka mwisho.

```
USO OSU
```

Fumbo la 4. Hesabu kwanza, ndipo useme.

```
NYUMBA NYUMBA NYUMBA NYUMBA NYUMBA
              balozi
NYUMBA NYUMBA NYUMBA NYUMBA NYUMBA
```

Fumbo la 5. Yako maneno mawili tu, lakini methali yake ina pande mbili. Tazama nafasi kati ya herufi.

```
NGUVU        u   d   h   a   i   f   u
```

Raundi ya pili: juu, chini, ndani

Fumbo la 6. Hili wanalipenda wanasiasa wakati wa kampeni.

```
ALIYE



MNGOJE
```

Fumbo la 7.

```
KIBA haba haba haba BA
```

Fumbo la 8. Mvuvi yeyote wa ufukwe huu ameliona kwa macho.

```
MA tapatapa JI
```

Fumbo la 9. Mmoja amepata nafasi, mwenzake je?

```
ZI FAHALI ZI                FAHALI
```

Fumbo la 10. Hili lina mistari miwili. Anza juu, ushuke: cha juu ndicho kilichosababisha cha chini.

```
sifa sifa MGEMA sifa sifa

     TEM maji BO
```

Fumbo la 11. Tazama kilichobaki pakavu.

```
     KICHWA
MAJI SHINGO MAJI
MAJI KIFUA  MAJI
MAJI MIGUU  MAJI
```

Raundi ya tatu: umbo

Hapa alama zinakuwa mara mbili, maana neno lenyewe linageuka kuwa picha.

Fumbo la 12.

```
    N
    J
N J I A
    A
```

Fumbo la 13. Halifanani na lililotangulia, msikimbilie jibu lile lile.

```
NJIA   FISI   NJIA
```

Fumbo la 14. Tazama ni herufi zipi zimekuwa ndogo, na pengo limetokea wapi.

```
KAm        bA
```

Fumbo la 15. Soma kwa kufuata kona. Kama kimekubali kupinda, maana yake bado hakijakauka.

```
S A M
    A
  I K
```

Fumbo la 16. La mwisho. Herufi zote ni sawa kwa ukubwa, wala hakuna iliyopungua. Jibu lake ndiyo sababu ya sisi kukusanyika usiku huu.

```
JUN        GU
```

Majibu (karatasi hii inabaki mkononi mwa mtegaji)

1. *Maji yamezidi unga.* MAJI yako nane na kwa herufi kubwa, unga uko mmoja na mdogo. Ugali wa namna hiyo hausongeki, na ndiyo maana tunasema hivi jambo linapotushinda nguvu.

2. *Sikio halipiti kichwa.* Akisema "halizidi", apewe alama zake.

3. *Uso kwa uso.* Maneno mawili yanatazamana kama watu wawili mlangoni. "Ana kwa ana" nalikataa, kwa sababu neno lililoandikwa ni USO. Babu amekubali.

4. *Balozi wa nyumba kumi.* Nyumba ziko tano juu na tano chini, naye yuko katikati yao. Wazee waelezeni watoto: mfumo huu ulianza huku kwetu miaka ya 1960, enzi za TANU, na barua yako ya utambulisho ilianzia kwa balozi kabla ya kufika kokote. Kenya nao walilichukua jina la Nyumba Kumi mwaka 2013 kwa ajili ya usalama wa mitaa.

5. *Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.* Nalipenda fumbo hili kuliko yote ya raundi ya kwanza. Neno "umoja" halijaandikwa popote, wala "utengano". Herufi za NGUVU zimeshikana mabega, za udhaifu zimeachana, kila moja inasimama peke yake na imesinyaa. Wanaosema "umoja ni nguvu" tu wapewe alama 1, ya pili waitafute kwenye nafasi.

6. *Aliye juu mngoje chini.* ALIYE yuko juu, MNGOJE yuko chini, na ile nafasi tupu katikati ndiyo kungoja kwenyewe. Atatokea mmoja wa timu ya Baraza kusema "aliye juu mfuate huko huko juu". Acheni watu wacheke, msitoe alama.

7. *Haba na haba hujaza kibaba.* Haba zimeingia ndani ya kibaba. Waonyesheni watoto kibaba cha Bibi kilichopo stoo, maana wengi wanaijua methali na chombo hawajakishika. Vibaba vinne ni pishi moja, na pishi hiyo ndiyo tutakayoitaja tena siku ya kutoa zaka ya fitri.

8. *Mfa maji haishi kutapatapa.* Maji yamefunguka, yamemmeza, naye yumo katikati anarusha mikono.

9. *Fahali wawili hawakai zizi moja.* Hapa lugha yenyewe imenisaidia: neno ZIZI ni ZI mbili, kama kuta mbili za boma. Fahali mmoja yumo baina ya kuta, mwingine amebaki nje mbali. Nilipoliona hili nilikuwa nachambua mchele, nikauacha siniani nikaenda kutafuta kalamu.

10. *Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.* Mgema amezungukwa na sifa, na mstari wa chini maji yameshaingia ndani ya TEMBO. Mtoto akidhani ni tembo mwenye mkonga, mwelezeni kwamba tembo ni pombe ya mnazi igemwayo juu kule, na kwamba mgema ni yule apandaye na kibuyu kiunoni.

11. *Maji yamefika shingoni.* Kichwa peke yake ndicho kilicho pakavu. "Maji ya shingo" pia ni sawa. Asiyetofautisha na fumbo la 1 mkumbusheni: kule maji yamezidi kwa idadi, huku yamepanda kwa kimo.

12. *Njia panda.* Njia moja inashuka, nyingine inakatiza, na zote zinagawana herufi I. Nilijaribu kuzikatisha kwenye J, ikakubali pia, ila pale I msalaba unakaa kama ile njia yetu ya kwenda sokoni.

13. *Njia mbili zilimshinda fisi.* Alisikia harufu ya nyama kutoka pande zote mbili, akatia mguu huku na mguu kule mpaka akapasuka msamba. Anayejibu "njia panda" amekosa: hapa njia hazikutani, na katikati yake yupo fisi.

14. *Kamba hukatikia pembamba.* K na A za pembeni ni nene, m na b za katikati ni nyembamba, na pengo limetokea hapo hapo.

15. *Samaki mkunje angali mbichi.* S, A, M zinakwenda kulia, A inashuka kona, K na I zinarudi kushoto. Mkia umekaribia kichwa.

16. Kabla ya jibu hili, niseme lililotokea mwaka jana. Nilileta fumbo la MO na YO zikiwa mbalimbali, nikitaka "kuvunjika moyo". Timu ya Uani wakasema "moyo umegawanyika". Shangazi akasema "kukata moyo". Tukabishana mpaka chai ikapoa, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu pengo peke yake halisemi limetokana na nini. Fumbo la haki lina jibu moja, na akilisikia aliyeshindwa, ajipige paji la uso aseme "lilikuwa mbele yangu!" Kwa hiyo mwaka huu kila neno nililolikata nimelitafutia kitendo ambacho Kiswahili hakina mbadala wake. Kamba hukatika. Na jungu?

*Kuvunja jungu.* Jungu limegawanyika vipande viwili, JUN na GU, na hakuna anayesema jungu limekatwa wala limechanika. Ni mlo wa siku hizi za mwisho za Shaabani, tunapokula pamoja kabla mwezi haujaandama na sufuria za mchana hazijapumzishwa.

Mtegaji, jibu hili usilisome kwa sauti. Inua karatasi, nyamaza, subiri. Jikoni kuna pilau ya mbuzi, mchuzi wa nazi na kachumbari, na upawa uko juu ya kifuniko. Atakayelitaja wa kwanza, awe wa Baraza au wa Uani, ndiye atakayefunua.