Barua kwa Binamu: Jina Jipya la Kundi Letu

Binamu Rehema,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, natumai nanyi huko hamjambo.

Nimeamua kuandika barua kwa sababu nikilitia neno hili kwenye kundi, kabla hujaamka watakuwa wameshalichana vipande. Na nikikutumia sauti hutaisikiliza. Usibishe, ile ya mwezi uliopita kialama chake cha kipaza sauti bado ni cha kijivu.

Ni habari ya jina. Kundi letu mpaka leo linaitwa MSIBA WA BIBI.

Juma lililopita mke wa Hamisi alijifungua, nadhani umeona. Mimi nilikuwa kazini, simu iko mezani, ikawaka: "MSIBA WA BIBI: Hongereni jamani, mtoto wa kiume!" Mwenzangu aliyekaa karibu akasoma neno la kwanza tu, akaja kunishika bega. Pole sana ndugu yangu, umefiwa na nani? Nikamwambia hapana, tumepata mtoto. Alinitazama kama mtu asiyejua alie au acheke.

Hilo tulilicheka. Lako halichekeshi. Uliwahi kuniambia simu ikilia usiku ukaliona neno hilo kwenye kioo, moyo unakwenda mbio, unafungua huku mikono inatetemeka, unakuta Shangazi katuma picha ya maua. Ndipo ukalizima kundi sauti, ukachagua "daima". Sikulaumu. Lakini Baba Mkubwa alipofanyiwa upasuaji ulipata habari siku ya tatu, ukatununia kwamba hakuna aliyekuambia. Binamu, tulikuambia sote, tena humohumo.

Sasa, kwa nini nakuandikia wewe na si Baba Mkubwa, naye ni admini? Kwa sababu jina lile ulilitia wewe. Usiku ule wa 2019 ulikosa ndege, ukafungua kundi ili angalau usikie kinachoendelea. Sisi tulikuwa na jeneza la kubeba na wageni wa kupokea. Wewe ulikuwa na simu. Nakumbuka ulivyokuwa unauliza kila baada ya dakika chache, wamefika wapi, nani kaingia kaburini, na mimi najibu kwa kidole kimoja chenye udongo. Kwa hiyo sitaki mtu mwingine alifute jina hilo siku moja akiwa na haraka zake, wewe uamke ukute halipo.

Hakuna kitakachopotea. Jumbe zote za siku zile zinabaki zilipo, na picha ya Bibi inabaki palepale juu, akiwa na miwani yake iliyofungwa uzi. Kinachobadilika ni jina tu.

Mapendekezo yamekuwapo, nisikufiche. Baba Mkubwa anataka "Umoja ni Nguvu", na mimi nimo katika makundi matatu yenye jina hilo, mawili hayasemezani. Baba anataka jina la ukoo, kasahau kwamba wewe na ndugu zako mna jina la baba yenu, na mashemeji ndio kabisa. Vijana wametaka lenye miali ya moto na taji. Hilo tuliache.

Mimi naomba tuliite "Uani".

Unaukumbuka uani wa Bibi. Mgeni alikomea barazani, akapewa kiti na maneno mazuri. Aliyepita mpaka uani ni wa nyumbani, hata kama ni mkwe wa jana, na huko alisutwa, akatumwa maji, akasikia siri asizostahili kusikia. Kundi letu ndivyo lilivyo hasa. Tena ni herufi nne, halikatwi kwenye kioo cha simu, na likiwaka saa nane za usiku halimshtui mtu.

Nimemuuliza Shangazi faraghani. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Muulize Rehema kwanza." Basi nimekuuliza.

Ukikubali, nakuomba ulibadilishe mwenyewe: gusa jina pale juu, kisha kalamu, futa, andika. Kundi litatangaza kwamba wewe ndiye uliyebadilisha, na hapo hata Baba Mkubwa atanung'unika kwa sauti ya chini. Ukiona bado ni mapema, niambie hapana moja tu. Sitalirudia, na vijana nitawazuia.

Na ukishalibadilisha, rudisha sauti. Mtoto wa Hamisi bado hajapewa jina, na ugomvi wake umeshaanza.

Wasalimie watoto.

Nduguyo,
Saidi