Mrejesho wa zoezi la pili: uthibitisho wako wa swali la 3

Habari za leo Mwanahamisi,

Nimemaliza kusahihisha zoezi la pili, na swali la 3 nimeona nikuandikie wewe peke yako kabla sijarudisha karatasi Jumatano. Utakuta nimekupa 4 kati ya 10. Najua utashtuka, maana hesabu ulizoandika ni sahihi zote. Shida ni kwamba uthibitisho wako umeegemea jambo lile lile ulilotakiwa kulithibitisha, tena kimyakimya kiasi kwamba naamini hukuliona.

Swali lilisema: ikiwa p ni namba tasa na inagawa ab bila kubakiza, onyesha kwamba p inagawa a au inagawa b. Wewe ukaivunja a kuwa vigawo tasa, ukaivunja b vivyo hivyo, ukaviunganisha vyote ukapata ab. Mpaka hapo sina neno. Kisha ukurasa wa pili, mstari wa nne, ukaandika: "Kwa kuwa p inagawa ab, lazima p iwe mojawapo ya namba tasa hizi." Hapo ndipo nilipozungushia kalamu nyekundu.

Kwa nini lazima? Kusema p inagawa ab ni kusema kwamba ipo namba kamili c ambayo ab = pc. Basi. Ukiivunja c nayo, unapata orodha ya pili ya vigawo tasa vya ab, na p imo humo. Orodha ya kwanza ni ile uliyoijenga kutokana na a na b. Unapodai p lazima iwemo kwenye orodha ya kwanza, unadai kwamba orodha hizo mbili ni ile ile moja, yaani kila namba ina njia moja tu ya kuvunjwa kuwa vigawo tasa. Ni kweli kabisa. Ila fungua maelezo ya wiki ya tano uone huo upekee tuliuthibitisha kwa kutumia nini: tuliuthibitisha kwa kutumia kauli hii hii ya swali la 3. Ni sawa na wanakikoba wawili wanaodhaminiana: kila mmoja ana mdhamini kwenye daftari, lakini siku mkopo ukikwama hakuna wa kuulipa.

Naelewa kwa nini hukulitilia shaka. Vigawo tasa tunavitafuta tangu shule ya msingi, na darasa zima huishia na jibu moja, aanzaye na 2 na aanzaye na 7. Mfano wako wa 12 × 35 = 420 ni mzuri, na 7 kweli inaonekana ndani ya 35. Lakini mazoea hayo yametokana na namba tulizozijaribu, na zilizobaki hazina mwisho.

Sasa fanya jaribio hili, na ulifanye kwa mkono wako. Chukua namba shufwa peke yake: 2, 4, 6, 8 na kuendelea. Jifanye hakuna namba nyingine duniani. Humo ndani, iite "tasa" namba yoyote isiyoweza kuandikwa kama zao la namba shufwa mbili. Basi 2 ni tasa, 6 ni tasa, 10 ni tasa, 18 ni tasa. 4 siyo, kwa sababu ni 2 × 2. Kila namba shufwa ama ni tasa, ama inavunjika kuwa tasa za namna hii, kwa hiyo mwanzo wa uthibitisho wako unafanya kazi bila taabu. Sasa weka a = 2, b = 18 na p = 6. Zao ni 36, na 36 = 6 × 6, kwa hiyo 6 inagawa ab. Kwa maneno yako mwenyewe, lazima 6 iwe mojawapo ya 2 na 18. Siyo! Wala haigawi 18 humo, kwa sababu 18 ni 6 × 3, na 3 si shufwa.

Litazame hilo vizuri. Hoja yako, neno kwa neno, imetufikisha kwenye uongo. Maana yake kuna kitu ambacho namba kamili zinacho na namba shufwa peke yake hazina, na uthibitisho wako haukukigusa popote. Uthibitisho wa kweli lazima ukitumie.

Hatua hii iliwahi kumkwamisha hata mtaalamu mkubwa. Machi 1847 Gabriel Lamé alisimama mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris akatangaza kwamba amepata uthibitisho wa kauli ya mwisho ya Fermat. Alikuwa akivunja namba changamano za aina fulani kuwa vigawo, akachukulia kwamba zinavunjika kwa njia moja tu kama namba zetu za kawaida. Joseph Liouville akauliza papo hapo upekee huo umetoka wapi. Baadaye mwaka huo huo ikaja barua ya Ernst Kummer kutoka Ujerumani: alishaonyesha miaka mitatu nyuma kwamba katika namba hizo upekee haushiki daima. Hoja ya Lamé ikaishia hapo. Nataka uzoee kuuliza swali la Liouville kila unapoandika "lazima".

Njia ya kutokea unayo tayari kwenye daftari lako, wiki ya tatu, kwenye kigawo kikubwa cha shirika. Tulianza na kugawa kwa baki, tukafika hapa: ikiwa KKS ya p na a ni 1, zipo namba kamili x na y ambazo px + ay = 1. Mathalani kwa 7 na 30, 7 × 13 + 30 × (−3) = 1. Hapo hatukutumia upekee mahali popote, na hicho ndicho namba shufwa peke yake hazina, kwani hata 1 yenyewe haimo. Anza hivi: chukulia p haigawi a. KKS yao ni ngapi, na kwa nini? Kisha zidisha mlinganyo wote kwa b utazame kila upande. Sitaandika zaidi, iliyobaki ni mistari miwili na nataka iwe yako.

Jambo moja la haki nilitaje. Upo uthibitisho wa upekee usiopitia kauli hii, wa Ernst Zermelo. Ungeuandika huo kwanza, kisha ukaleta hoja yako, ningekupa alama zote. Kwa hiyo wazo lako si bovu. Limekosa tu mahali pa kusimama.

Mengine ni madogo: hukusema lolote pale a ikiwa 0 au 1, na kwenye ukurasa wa kwanza umetumia herufi p kwa vitu viwili tofauti. Rekebisha.

Andika upya swali la 3 peke yake, unipe kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, nami nitasahihisha tena kwa alama kamili. Alhamisi nipo ofisini kuanzia saa nane mchana, njoo na hilo jaribio la namba shufwa hata kama hujamaliza. Ikiwa bado uko Muheza kwa mazoezi ya kufundisha, piga picha karatasi unitumie kwa barua pepe hii hii, ila mwanga uwe wa kutosha nisome vipeo.

Wako,
Mwl. Kombo
Idara ya Hisabati, Tanga